Senti thelathini na nne: namna tulivyotikisa hesabu ya mashini ya bunga

Maneno ya komite ya mali mbele ya mkutano wa wanachama, Lubumbashi



Mulitutuma kuangalia kama mfuko wetu uingie katika mashini ya kusaga mahindi. Tumerudi na jibu, lakini jibu lenyewe si «ndiyo» wala «hapana» tu. Tunaomba mtuvumilie tuwaonyeshe namna tulivyohesabu, juu pesa hii si ya komite. Nusu yake ni ya likelemba yenu, nusu nyingine wafadhili waliitoa wakijua hatuwezi kuwarudilia mara ya pili. Na wote tunakumbuka kuku. Hesabu ya kuku ilikuwa nzuri kwenye karatasi, tulipiga mikono, kisha chakula cha kuku kikapanda bei na kwa miezi saba tukala kuku wenyewe. Hesabu ile haikuwa na kosa la kujumlisha. Kosa lake ni kwamba hakuna mtu aliyeuliza: chakula kikipanda kidogo, kitu gani kinabaki?

Swali lile njo tunalileta leo.

Tuanze na hesabu yenyewe, kabla ya kuitikisa. Mpango wa kwanza ulikuwa hivi: tununue mahindi, tuyakoboe na kuyasaga, tuuzishe bunga katika mifuko ya kilo 25. Kuanza kunaomba dola 20,000: 11,000 za mashini na motere yake, 5,000 za nyumba na umeme, 4,000 za depo na mahindi ya kwanza. (Pesa ya mahindi ya kwanza, kusema kweli, mwisho wa mradi inapaswa kurudi. Siye tumeihesabu kama imekwisha kuliwa. Tunajua panya, na tunajua madeni ya majirani.)

Kwa mwaka tuliweka mifuko 6,000, ni kusema 20 kwa siku ya kazi. Mfuko mmoja tunauuzisha dola 15. Mahindi yanayoingia ndani yake yanatugharimu dola 10, umeme na mazutu dola 1.20, mfuko mtupu na kubeba senti 80. Tunabaki na dola 3 kwa mfuko. Mara 6,000 ni dola 18,000. Toa mishahara, mlinzi, kodi na matengenezo, dola 10,000 kwa mwaka. Zinabaki 8,000. Tulihesabu miaka mitano, kisha tukasema mashini imekufa, haina bei tena.

Sasa mtu atasema: 8,000 mara tano ni 40,000, tumeweka 20,000, tumepata faida 20,000! Hapana. Dola ya mwaka wa tano haina uzito sawa na dola ya leo. Mfuko wetu wa mikopo midogo unatuletea karibu 15 kwa mia kwa mwaka. Basi dola 100 tutakayopokea mwaka ujao ina thamani ya 87 tu leo, kwani 87 hizo tungeziweka katika mikopo zingefika 100 zenyewe. Dola 100 ya mwaka wa tano ina thamani ya 50 tu. Ukipunguza hivyo kila mwaka na kujumlisha, dola 8,000 za miaka mitano zina thamani ya 26,800 leo. Toa 20,000 za kuanza, inabaki 6,800. Hiyo njo thamani halisi ya sasa, ile wahasibu wetu wanaiita VAN. Maana yake: ukilinganisha na kuacha pesa katika mikopo, mashini inatuzidishia dola 6,800. Ingekuwa chini ya sifuri, ingekuwa heri kutoigusa.

Vijana wanaofanya hesabu kwenye Excel ya kifaransa, wanaandika hivi, miaka mitano ikiwa katika B2 mpaka B6:

```
=VAN(15%;B2:B6)-20000
```

Angalieni: zile 20,000 zinakaa inje ya mabano. Mmoja wetu aliziingiza ndani, mashini ya hesabu ikazipunguza kama vile tutazilipa mwaka ujao, ikasogeza na miaka mingine yote mwaka mmoja mbele, na mradi ukaonekana mwembamba kuliko ulivyo.

Basi, dola 6,800. Karatasi nyingi zinaishia hapa. Mwenye kuleta mradi anaweka mstari chini ya namba, anaomba saini.

Siye tulifanya kitu kingine. Tulichukua kila namba, moja moja, tukaacha zingine zote zimetulia, tukauliza: hii inaweza kuharibika mpaka wapi kabla ile 6,800 haijafika sifuri? Kwa kiswahili cha vitabu wanaita uchambuzi wa unyeti. Siye katika komite tulisema tu kutikisa. Ni sawa na mtu anayenunua kiti sokoni: hakitazami tu, anashika mguu mmoja, anatikisa, kisha mwingine.

Njia ni fupi. Ili mradi usipoteze, kila mwaka unahitaji kuleta dola 5,966, yaani 20,000 ukigawanya kwa 3.352, namba ambayo ni jumla ya ile mipunguzo ya miaka mitano. Siye tunategemea 8,000. Basi tuko na nafasi ya dola 2,034 kwa mwaka. Kila namba inaweza kukosea mpaka imalize ile 2,034, na hapo imetuua.

Tulianza na bei ya mashini, kwa sababu hapo njo tulipogombana mikutano mitatu. Kuna waliotaka ile ya bei ndogo, kuna waliosema bei ndogo ni hasara. Mnajua jibu? Gharama ya kuanza inaweza kupanda kwa 34 kwa mia, ni kusema dola 6,800 zaidi, ndipo mradi ufike sifuri. Mikutano mitatu tulipigania mguu ulio imara kuliko yote.

Mazutu na umeme: vinaweza kupanda 28 kwa mia. Mishahara na zile gharama za kila mwaka: 20 kwa mia. Idadi ya mifuko: inaweza kushuka kwa 11 kwa mia, kutoka 6,000 hadi karibu 5,320. Hapo tulianza kukaa vizuri kwenye viti, kwani mifuko miwili kwa siku ikikosa mnunuzi tuko karibu na mpaka.

Kisha tukafika kwenye bei ya bunga. Mfuko ni dola 15. Dola 2,034 ukigawanya kwa mifuko 6,000 ni senti 34. Bei ikishuka kutoka 15 hadi 14.66, faida yote imekwisha. Hiyo ni 2 na kidogo kwa mia. Na mahindi: yakipanda kutoka dola 10 hadi 10.34, ni vilevile.

Tulirudia hesabu mara mbili. Mama mmoja wa komite, yeye anauzisha bunga soko la Kenya miaka mingi, alicheka. Akasema: «Senti 34? Ile inabadilika kati ya asubuhi na saa nane. Lori zikiingia mingi toka Kasumbalesa, paka njo bei inaanguka.»

Tunataka mwone kwa nini iko hivyo, si kwa bahati mbaya. Bei ya kuuzisha inagusa dola 90,000 kila mwaka, yaani mauzo yote. Faida yetu ni kipande chembamba kilichobaki kati ya mto mkubwa unaoingia na mto mkubwa unaotoka. Ukipunguza mto wa 90,000 kwa 2 kwa mia tu, umetoa 1,800. Lakini idadi ya mifuko ikishuka, mahindi nayo hatununui, basi tunapoteza zile dola 3 tu, si 15. Ndiyo maana bei inauma mara tano kuliko idadi. Biashara yoyote ya kununua na kuuzisha kwa pengo dogo iko hivyo, hata ya makaa.

Watu wakubwa nao wanafanya hesabu hii, na hatuhitaji kwenda mbali kuwaona. Kipushi, kilometa 30 hivi toka hapa, ilifunguliwa mwaka 1924, ikasimama 1993. Wenye kuifungua tena walitoa hesabu yao mwaka 2022: kuweka dola milioni 382, kupunguza kwa 8 kwa mia, na thamani halisi ya sasa ikatoka milioni 941. Lakini ile 941 imekaa juu ya bei moja ya zinki, dola 1.20 kwa ratili, karibu dola 2,650 kwa tani. Mwaka uliofuata, katikati ya 2023, zinki ilikuwa chini ya hapo. Njo maana ripoti za namna hiyo hazitoi namba moja tu. Zinaweka meza nzima: zinki ikiwa hivi, thamani ni hivi. Na bei ya madini kwetu hapa hatuisomi vitabuni. Mwaka 2008 shaba ilipita dola 8,000 kwa tani, na kabla ya Noeli ilikuwa karibu 3,000. Wenye walikuwa hapa Katanga wanakumbuka ni milango mingapi ilifungwa.

Lakini hapa kuna jambo ambalo meza ya namna hiyo inaficha, na siye wenyewe tulikaribia kuanguka ndani yake. Kutikisa namba moja moja kunasema zingine zimelala. Je, zinalala? Bei ya mahindi na bei ya bunga ni ndugu. Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, mwisho wa Februari 2024, mahindi na bunga havingeweza kwenda njia tofauti. Tulijaribu: vyote viwili vikipanda 10 kwa mia, mfuko unakuwa 16.50, mahindi 11, na tunabaki na dola 3.50. Tunafaidika! Basi adui wetu si bei kubwa wala bei ndogo. Adui ni pengo kati ya hizo mbili, ambalo leo ni dola 5 na haliwezi kushuka chini ya 4.66.

Pengo linakufa wakati gani? Linakufa pale ambapo tumejaza depo kwa mahindi ya bei ya juu, kisha bunga iliyokwisha kusagwa inaingia toka ng'ambo kwa bei ya chini. Mahindi yetu yana bei ya mwezi uliopita, bunga yetu ina bei ya leo. Na hapo hakuhitajiki tetemeko kubwa. Bunga ishuke 1 na nusu kwa mia: peke yake tunapona. Mahindi yapande 1 na nusu kwa mia: peke yake tunapona. Zikutane mwaka hadi mwaka, na thamani inakuwa dola 725 chini ya sifuri. Kila mguu wa kiti ulijaribiwa na kukutwa mzima, na mwenye kukaa ameanguka.

Kuna na wakati. Tulipe leo, kisha mashini ikae duane au umeme uchelewe, tuanze mwaka mmoja baadaye: 6,800 inashuka hadi 3,300. Hakuna kitu kilichoharibika, ni kungojea tu.

Basi tukaweka mpango wa kwanza pembeni, na tukatikisa wa pili: kusagia watu. Mama analeta mahindi yake katika beseni, tunasaga, analipa, anaenda kupika bukari. Hatununui mahindi, hatuuzishi bunga, hatuhitaji depo. Kuanza ni dola 16,000. Kwa uzito wa kilo 25 tunalipisha dola 2.20, umeme na mazutu ni 1.20, tunabaki na dola moja. Kama tunasaga uzito wa mifuko 14,000 kwa mwaka na gharama zingine ni 7,400, zinabaki 6,600 kwa mwaka, na thamani halisi ya sasa ni dola 6,100.

Ni ndogo kuliko ya kwanza. Mtu anayetazama mstari wa mwisho tu atachagua ya kwanza, na tunawaheshimu wale watakaosema hivyo leo. Lakini tazameni miguu. Bei ya kusagia inaweza kushuka karibu 6 kwa mia, si 2. Na zaidi ya namba: bei ya bunga inafanywa Kasumbalesa na hatuna neno. Bei ya kusagia inafanywa na mashini nne au tano za mtaa, na siye tutakuwa moja yao. Idadi inaweza kushuka 13 kwa mia.

Hatutawaficha kitu, udhaifu haukwenda, umehama. Sasa uko kwenye motere. Mazutu na umeme, ambavyo katika mpango wa kwanza vingepanda 28 kwa mia, hapa vinatuua kwa 11. Kwa nini? Kwa sababu hapa moto njo karibu mali yote tunayonunua. Na ile dola 1.20 mnajua imetoka wapi? Tumeweka siku tatu za umeme wa SNEL kwa juma, ambapo uzito mmoja unatugharimu senti 80, na siku tatu za mazutu, ambapo ni dola 1.60. Katikati yake ni 1.20. Siku moja tu ikitoka upande wa umeme kuingia upande wa mazutu, kila juma, katikati inapanda hadi 1.33. Hesabu yake inaleta dola 130 chini ya sifuri. Dola 6,100 zote zimekwenda na siku moja ya giza kwa juma. Mpango wa kwanza ungebeba siku ileile na kubaki na dola 4,100.

Tulipoona hivyo kimya kiliingia. Kisha fundi wetu akasema neno lililotusaidia: umeme ukikatika, unakatika kwa wote. Mashini zote za mtaa zinaingia mazutu siku moja, na zote zinapandisha bei pamoja. Tukipandisha senti 10 tu katika mwaka wa giza, thamani inarudi juu, dola 4,560. Hapa zile namba mbili zinazotembea pamoja zinatubeba, wakati katika mpango wa kwanza zinaweza kutuacha. Lakini wamama wanaoleta mabeseni watabeba zile senti 10, na wengi wao ni wanachama wetu. Hilo nalo mlipime.

Neno moja kwa wafadhili. Mmoja wenu alituandikia akiomba tutikise kila namba kwa 10 kwa mia, juu na chini, na kutuma meza. Tumeituma. Lakini 10 kwa mia ile haina maana moja kwa kila kitu. Bei ya mashini iko kwenye proforma, haiwezi kutembea hata 5. Bunga inaweza kutembea 10 kwa juma mbili. Ukizitikisa zote kwa nguvu moja unapata meza safi inayodanganya. Inafaa kuuliza mambo mawili na kuyaweka pamoja: hii namba inatuua wapi, na kwa kweli inatembea umbali gani? La kwanza tunalipata kwa kalamu. La pili halipatikani kwa kalamu, linapatikana kwa daftari la mtu aliyekuwa pale.

Hivi njo tunavyoomba. Tuache mpango wa kuuzisha bunga. Tukubali mpango wa kusagia, lakini tusitie saini leo. Namba inayoweza kutuua ni siku za umeme mahali penyewe, si katika mji mzima, na hiyo «siku tatu» yetu tuliipata kwa kuuliza majirani wawili tu. Proforma ina nguvu kwa miezi mitatu. Tunaomba majuma manane. Vijana wawili wanaokaa njia ileile wataandika kila siku saa umeme ulipokuja na saa ulipokwenda, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja, kwani umeme wa usiku hausagi. Wataandika pia bei ya kusagia katika mashini nne za jirani, na bei ya lita ya mazutu, kila Jumamosi.

Kama wakirudi na siku tatu au zaidi kwa juma, tunaleta karatasi ya kutia saini. Wakirudi na mbili, tunatazama kama majirani kweli wanapandisha bei siku za mazutu, sawa fundi anavyosema. Wakirudi na moja, pesa inabaki katika mikopo kwa 15 kwa mia, na tutatafuta kitu kingine.

Daftari liko hapa mezani, kurasa zimekwisha kuchorwa. Tunangoja majina mawili.